Kuhamia kwenu wenyewe: maulidi, kwaya au rusha roho?

Binti Mbagala: Jumamosi tunahamia kwetu baada ya miaka 9 ya kupanga. Mama anataka maulidi tu, mdogo wangu keshakodi spika za rusha roho. Tupige nini?

Mzee wa Udi: Asubuhi mwachie mama. Isomwe Barzanji, watu wasimame kwenye "Ya Nabi salaam alayka", dua, kisha kahawa na halua. Jioni ndiyo yenye kazi, na shida si spika bali maneno. Rusha roho ni mipasho. Mgeni akisikia ubeti unaomfaa hasimu wake, huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu mpaka mbele ya huyo mtu, akampepea nayo usoni. Ukiona hivyo ujue shughuli imeshaharibika. Na anayepepewa huenda ni jirani wa ukuta mmoja, hujamjua hata jina! Mimi ningeanza na bashraf, zile za ala tupu ambazo vikundi vya Zanzibar hufungulia. Hakuna atakayedai kapigwa kijembe na fidla.

Kijana wa Temeke: Mzee, watu watasinzia. Taarabu bila vijembe ni chai bila sukari. Basi apige Malaika, wimbo wa furaha, mkubwa kwa mdogo anaujua.

Mzee wa Udi: Wanaujua, na wataitikia, hapo umesema kweli. Lakini usikilize vizuri: kijana analia kwamba mali hana, angemuoa huyo binti. Mwenye nyumba aliyemaliza bati kwa mkopo unamwimbia hayo siku ya kwanza?

Bosi Kirikuu: Godoro zifungwe kamba mbili, na friji isimame wima njia nzima. Msiiwashe palepale mkifika.

Kijana wa Temeke: Kaka, tunaongelea nyimbo.

Mama Kwaya: Sisi Moshi padri alinyunyiza maji ya baraka chumba hadi chumba, kwaya nyuma yake ikiimba Zaburi ya 127. Walipofika "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure", fundi wangu alikuwa kasimama mlangoni, bado ananidai hela ya plasta. Akaniambia, "Mama, kumbe ndiyo maana hunilipi?" Watu walicheka mpaka padri. Nilimlipa wiki ile ile, ila zaburi siibadilishi.

Mzee wa Udi: Hahaa! Mnaona sasa, hata zaburi ina wa kumchoma.

Binti Mbagala: Mama kakubali bashraf, ila baada ya isha. Mdogo wangu kanuna, anasema hela ya spika hairudi, na saa 4 usiku anaweka zake.

Kijana wa Temeke: Na mawifi wakiziomba wenyewe, nani atawakatalia?

Binti Mbagala: Hao ndio ninaowaogopa.