Naomba ushauri: kiwango cha mwitikio tugawe kwa idadi ya kutazamwa au kwa wafuasi?

Wanajamvi, habari za wakati huu. Ninasimamia ukurasa wa Instagram wa duka la vitenge wenye wafuasi 5,000, na ninaomba ushauri kuhusu namna ya kulinganisha machapisho.

Video fupi ya kufunga kilemba ilitazamwa mara 40,000 ikapata miitikio 800, yaani kupendwa, maoni, kuhifadhiwa na kushirikishwa kwa pamoja, ilhali picha ya mzigo mpya ilitazamwa mara 1,500 ikapata miitikio 150. Nikigawa kwa wafuasi, video inaongoza kwa asilimia 16 dhidi ya 3. Nikigawa kwa idadi ya kutazamwa, picha inashinda kwa asilimia 10 dhidi ya 2.

Mimi naegemea idadi ya kutazamwa, kwa kuwa video ilisambazwa kwa watu wengi wasiotufuata, na idadi ya wafuasi haielezi ni nani hasa aliyeliona chapisho. Kinachonitatiza ni kwamba mtu mmoja akirudia video mara tatu huhesabiwa kuwa imetazamwa mara tatu, hivyo kigawanyo huvimba na video huonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Je, nigawe kwa idadi ya akaunti zilizofikiwa, au nilinganishe video kwa video na picha kwa picha?