Naomba ushauri: mota inashindwa kuanza na mzigo kwenye masafa ya chini

Ndugu wanajamvi, nina mota ya kilowati 3, volti 400, hezi 50, ampea 6.5, yenye ncha nne, inayoendesha mkanda wa mizigo kupitia kidhibiti masafa. Kidhibiti hubadili kasi kwa kubadili masafa, hivyo hezi 50 huzungusha uga wa sumaku mara 1500 kwa dakika na hezi 25 mara 750. Volti nazo hupungua kwa uwiano uleule, volti 8 kwa kila hezi, kwa kuwa volti zikibaki juu masafa yakishuka, chuma cha mota hushiba sumaku na koili huvuta umeme mwingi bure.

Tatizo liko kwenye hezi 5. Uwiano hutoa volti 40, yaani takriban 23 kwa kila koili. Ukinzani wa koili ni omu 1.5, kwa hiyo ampea 6 zinameza volti 9, sumaku inadhoofika, na mkanda wenye mzigo haung'oki.

Nimeongeza volti za kuanzia hadi 60. Mkanda sasa unaanza vizuri, lakini ukiwa mtupu kwenye hezi hizohizo mota inanguruma na kuvuta ampea 8, nami naamini ndiko kushiba kwenyewe, maana bila mzigo ukinzani haumezi volti nyingi.

Je, nizipunguze kidogo kidogo hadi mkanda uanze kwa shida, au nihamie udhibiti wa vekta, ambao hupima ukinzani na kurekebisha volti kulingana na mzigo?