Mama ameshikwa na mtabiri wa ukumbini, na anasema mzee wetu wa falaki ni yule yule. Naomba ushauri

BintiKisauni
Jamani, salaam. Niko Mombasa. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama kwenye onyesho la mtabiri mmoja mgeni, kiingilio shilingi 500. Baba alifariki mwaka juzi. Yule mtu alipanda jukwaani, akafumba macho, akasema anaona herufi M upande wetu, mtu mzima aliyetangulia mbele ya haki, tatizo kifuani. Mama akainua mkono. Tangu siku ile anamwambia kila jirani kwamba mtabiri "alimtaja Mohamed kwa jina, akasema alifanya kazi bandarini." Sasa anataka kumwona faraghani Alhamisi, elfu nane, na ameambiwa kuna vikao vitatu.

Nilipomzuia akanijibu, "Mbona babu yako alikwenda kwa mzee wa falaki maisha yake yote na hukusema kitu?" Nikakosa la kusema. Je, ni kitu kimoja? Onyesho nimelirekodi kwenye simu.

Mkaguzi77
Hao wote wana redio sikioni. Mhubiri Mmarekani Peter Popoff alinaswa mwaka 1986, mke wake akimsomea majina na maradhi ya watu kutoka nyuma ya jukwaa. Mwambie mama aangalie masikio Alhamisi.

MchezaKarata
Mkaguzi, habari ya Popoff ni ya kweli. Mwanamazingaombwe James Randi na wenzake waliyanasa mawimbi yale, megahezi 39.17, wakamsikia mke akisoma kadi za maombi ambazo watu walikuwa wamezijaza kabla ya ibada. Lakini ukimwambia mama aangalie masikio, akakuta hakuna kitu, ataamini maradufu. Wengi hawahitaji redio. Nimefanya mazingaombwe kwenye harusi na mahoteli miaka tisa, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa.

Dada, sikiliza rekodi tena, uandike neno kwa neno nani alisema nini. Usitegemee kumbukumbu, yako wala ya mama. Kisha tuletee hapa sehemu ya bandari.

MamaZuu
Samahani kuingilia. Mwanangu kazaliwa tarehe 3 Novemba, nadhani ni Nge. Msichana anayemtaka ni Ndoo. Watapatana?

BintiKisauni
Nimesikiliza mara mbili, na nimeshtuka. Ilikuwa hivi:

Yeye: "Hakuwa na kazi ya majini, au siyo?"
Mama: "Alikuwa bandarini!"
Yeye: "Ndiyo, ndiyo, nimeyaona maji."

Na jina, mama mwenyewe ndiye aliyesema "Mohamed, mume wangu." Yeye alisema M tu. Kabla ya hapo alisema "huenda ni M au N." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sikukumbuka hiyo N!

MchezaKarata
Hapo ndipo kazi yote ilipofanyika. Litazame lile swali, "Hakuwa na kazi ya majini, au siyo?" Mama angejibu "hapana, alikuwa mwalimu," yeye angesema "ndiyo, ndivyo ninavyoona, hakuwa mtu wa maji." Amejibu bandarini, basi ameyaona maji. Swali halina upande wa kukosea. Na limeulizwa Mombasa, ambako kila familia ina mtu wa bandari, wa meli au wa samaki.

Herufi nayo, hesabu mwenyewe: Mohamed, Mbarak, Mwinyi, Mariam, Mwanaisha, Musa. Katika ukumbi wa pwani, ukirusha M unavua nusu ya watu, na hukumchagua mama, mama ndiye aliyejichagua kwa kuinua mkono. Kifua vilevile. Awe ni wa moyo, wa mapafu au wa uzee tu, mwisho pumzi hubana. Kuna na nyingine ambayo nadhani aliitumia: saa ya marehemu iliyosimama, iko kwenye droo au kabatini.

BintiKisauni
Alisema! "Kuna saa yake haifanyi kazi na hamjaitupa." Mama alilia pale.

MchezaKarata
Nani hutupa saa ya marehemu? Nimeitumia mimi mwenyewe mara moja kwenye sherehe, mjane mmoja akanishika mikono akilia, nami sikuirudia tena.

Sasa hesabu aliyokosea.

BintiKisauni
Kwa dakika 11 nimepata mambo 26. Aliyopata bila mama kumsaidia ni manne. Lakini kuna moja linanisumbua. Alisema mama anaumwa goti la kushoto. Ni kweli, na hatukusema.

MchezaKarata
Mliingiaje? Mlipanga foleni? Mama alipanda ngazi? Wasaidizi hukaa foleni kama wateja, wakisikiliza. Lakini sikuwepo, siwezi kuapa.

NajmuMkongwe
Binti yangu, mimi nimesoma falaki kwa marehemu baba yangu Tanga. Nikujibu lile la babu yako.

Mtu akija kwangu namwuliza mambo mawili, jina lake na jina la mama yake. Kisha namwomba anyamaze. Tuseme ni Ali, mama yake Maryam. Kwa hesabu ya abjadi, Ali ni ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Maryam ni mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Pamoja ni 400. Nagawa kwa 12, inabaki 4, na ya nne ni Saratani, ambayo ni Kaa. Mwanafunzi wangu akiifanya Lamu atapata Kaa vilevile. Hesabu imeshaandikwa kabla sijamtazama usoni, na mteja akisema "mimi siko hivyo," siruhusiwi kugeuza nikasema "ndivyo nilivyomaanisha." Habari za wafu wala siku ya mtu kufa sizisemi. Na sina vikao vitatu.

MamaZuu, sisi kwa nyota ya mtu hatuendi kwa mwezi wa kuzaliwa. Nitumie majina ya wote wawili na mama zao.

MchezaKarata
Shikamoo mzee. Uaminifu wako nauona na sikuweki kundi moja na yule. Yeye hutoa jibu mdomoni mwa mteja, wewe hutoa kwenye karatasi. Lakini binti aliuliza kwa dhati, nami nina wasiwasi mmoja. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao. Waliyapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa ukweli. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na sentensi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu cha mitaani. Hesabu ya Kaa ni thabiti. Je, yale unayosoma chini ya Kaa yangemkataa mtu wa Simba?

Na Ray Hyman, mwanasaikolojia aliyewahi kusoma viganja ujanani akiviamini kabisa, alijaribu kuwaambia watu kinyume cha mistari ya mikono yao. Walishangaa vilevile jinsi alivyopatia. Hakuwa mwongo, ila hakujua kwamba ni wateja waliokuwa wakimfanyia kazi.

NajmuMkongwe
Marahaba. Wengi husikia wanachotaka, sikatai, na nimeona mteja akitoka na jambo nisilolisema. Lakini miaka 40 nimeona pia mengine. Jaribio la kumsomea mtu wa Kaa karatasi ya Simba sijalifanya. Ningekubali kulifanya, mradi mteja aambiwe baadaye.

Mkaguzi77
Bado nasema redio. Goti lile alilijuaje?

BintiKisauni
Nimekaa na mama jana baada ya magharibi, tukasikiliza pamoja. Pale "Mohamed, mume wangu" ilipotoka kwa sauti yake mwenyewe akaniomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na goti?" Sikuwa na jibu.

Alhamisi bado anataka kwenda. Tumekubaliana atajibu "ndiyo" au "hapana" tu, hataongeza neno, na mimi nitakaa pembeni na kalamu. Kama mtabiri atakataa mimi kuingia, tunarudi na elfu nane zetu.