Vielezi na misemo iliyochuja kwenye mapigano ya riwaya: napunguzaje bila sura kupoa?

Mswada_Mezani
Wakuu, salamu. Nina mswada wa riwaya ya kusisimua, sura 31. Mhariri amenirudishia na maoni mafupi: mazungumzo yako sawa, upelelezi uko sawa, ila kila ngumi zikianza "vielezi vinapandiana migongoni na misemo imechakaa". Nimejaribu kufuta nikaona sura imebaki kama taarifa ya polisi. Kipande chenyewe hiki, nichaneni:

*Ghafla mlango ulifunguka kwa kishindo kikubwa. Kwa kasi ya umeme Jabiri aligeuka haraka na kwa nguvu zake zote akamtandika yule mtu konde zito lililompata barabara usoni. Yule mtu alianguka chini kama gunia huku akitoa ukelele mkali wa maumivu. Kufumba na kufumbua, Jabiri aliruka kwa wepesi wa ajabu na kuidaka bastola iliyokuwa imedondoka, huku moyo ukimwenda mbio na jasho jembamba likimtiririka.*

Chongo_la_Kalamu
Rahisi sana mkuu. Kila kielezi kitafutie kitenzi chenye nguvu. "Alitembea polepole kwa tahadhari" ni *alinyata*. "Alikimbia kwa kasi" ni *alitimka*. "Alimtazama kwa hasira" ni *alimkodolea*. Futa vyote, usibakishe hata kimoja. Kazi imeisha.

Dada_Mkato
Mimi nadhani mapigano yamezidi siku hizi. Msomaji anataka kujua kwa nini wanapigana, siyo damu. Punguza hizo sura ziwe mbili tu.

Mswada_Mezani
Dada, asante, ila mapigano hayaondoki, hadithi imejengwa juu yake. Ninauliza lugha yake.

Bi_Kurasa
Mwanangu, nimehariri riwaya za aina hii kwa muda mrefu, na kipande chako nimekiona mara nyingi kwa majina tofauti. Chongo amesema kweli nusu. *Kunyata* ni sawa, kinabeba mwendo na nia kwa pamoja. Lakini *kukodoa* siyo hasira, ni kutoa macho tu. Hata mtu aliyeshangaa anakodoa. Na ukibadilisha kila "alikimbia kwa kasi" kuwa *alitimka*, kufika sura ya kumi *alitimka* nacho kimechuja.

Tatizo lako haliko kwenye vielezi. Vielezi ni dalili. Nijibu haya kuhusu hicho chumba: mlango unafungukia ndani au nje? Jabiri alikuwa anafanya nini kabla haujafunguka? Bastola ilikuwa mkono upi, na ilidondokea wapi? Kipande chako hakijibu hata moja. Mwandishi asipojua vitu vilipo, anaongeza mwendo: *haraka, kwa kasi, kwa wepesi wa ajabu*. Hapo umesema "upesi" mara nne, ukihesabu na kufumba na kufumbua, na bado sijaona mtu akisogea.

Kwa hiyo usianze kwa kufuta. Chora chumba kwenye karatasi: mlango, kitanda, taa, mtu wa kwanza, mtu wa pili, silaha. Kisha andika upya bila kutazama ulichoandika. Mimi ningejaribu hivi:

*Kitasa kilizunguka. Jabiri alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu. Alipoinua kichwa, bastola ilikuwa imeshaingia chumbani na mkono ulioishika hadi kiwikoni. Mwenyewe bado yuko nje. Jabiri akauegemea mlango kwa bega. Mkono ukabanwa kwenye fremu, vidole vikaachia, bastola ikaanguka upande wake. Akaipiga teke ikaingia uvunguni mwa kitanda, kabla hajafikiri kwamba angeihitaji.*

Ona kwamba konde limeondoka. Sikulifuta kwa sababu ni msemo uliochakaa. Mlango umefanya kazi yake vizuri zaidi. Na "ghafla" haina pa kukaa, maana neno hilo humwambia msomaji ajiandae kushtuka, akishajiandaa hashtuki.

Mswada_Mezani
Bi Kurasa, shikamoo. Nimeelewa sehemu ya chumba. Swali: kuna kielezi kinachostahili kubaki? Na hizi "huku aki-" mbona nazo zimeondoka?

Bi_Kurasa
Marahaba. Kifute, kisha ujiulize kama msomaji anaona kitu kingine. "Alimpiga kwa nguvu" ukitoa *kwa nguvu*, picha ni ile ile, kwa hiyo kiende. "Alichomoa kisu polepole" ukitoa *polepole*, mtu amebadilika: wa kwanza anatisha, wa pili ana haraka. Hicho kibaki, tena kibaki peke yake, usikiongezee *kwa utulivu mkubwa*.

Kuhusu *huku*: inafanya mambo mawili yatokee kwa pamoja, na mapigano yanataka jambo moja lizae jingine. Mkono ukabanwa, *ndipo* vidole vikaachia. Ungeandika "mkono ukibanwa huku vidole vikiachia", sababu ingepotea. Ila usinielewe vibaya: *-ka-* nyingi mno mfululizo zinachosha sikio. Ndiyo maana mle nimeweka "ilikuwa imeshaingia" na "bado yuko nje", msomaji apate mahali pa kusimama aone chumba.

Ukitaka kuwinda kwenye kompyuta, usitafute *kwa* peke yake, itakuletea mswada mzima. Tafuta *ghafla*, *kwa kasi*, *kwa nguvu*, *haraka*, *huku a*, *alianza ku*. Zipake rangi bila kufuta. Ukurasa wenye rangi nyingi ndio ambao hukuchora chumba.

Msomaji_wa_Usiku
Mimi si mwandishi, ni msomaji wa hadithi za mfululizo kwenye simu. Naomba niwapinge. "Kufumba na kufumbua" hainikwazi hata kidogo, inapita kama nukta. Nikikuta kila sentensi imechongwa mpya nachoka, nasimama kuishangaa badala ya kukimbia na hadithi.

Bi_Kurasa
Hoja yako ina uzito. Kwenye kuvuka, mtu anatoka ghorofani anafika barabarani, msemo wa zamani unavusha vizuri. Mimi nasema tu usikae kwenye pigo linaloamua nani anabaki hai.

Msomaji_wa_Usiku
Hata hapo mimi ningeuacha mmoja. Hatutakubaliana, lakini sawa.

Chongo_la_Kalamu
Nimekubali la *kukodoa*. Ila mimi kwangu tatizo ni tanakali. Hadithi yangu imejaa *pu!* na *paa!* na *chwaa!* Nazo nifute?

Bi_Kurasa
Zisome kwa sauti. Sauti inayotoka gizani, mhusika asijue ni ya nini, ina kazi. Sauti ya ngumi ambayo tumeshaiona ikitua haina.

Fundi_Silaha
Nimepita tu. Bi Kurasa, kipande chako kizuri ila kina shimo. Mtu ambaye kidole chake kiko kwenye kifyatulio, ukimbana mkono namna hiyo, vidole vinaweza kujikaza kabla ya kuachia. Risasi inaweza kutoka. Ama useme kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, ama bastola ilie.

Bi_Kurasa
Kweli kabisa, hilo sikuliona. Mswada_Mezani, uamuzi ni wako, ila mimi ningeiacha ilie.

Mswada_Mezani
Nimeiacha ilie, risasi imekwenda sakafuni. Kasheshe imeanza hapo: chumba ni kidogo, lazima masikio ya Jabiri yavume, na sura inayofuata nzima ananong'onezwa siri na jirani kupitia dirishani. Naiandika upya usiku huu.