Naomba ushauri: mstari mweupe ukosini baada ya kubadili rangi ya shati katika Photopea

Wapendwa, naomba ushauri kuhusu picha ya wanakwaya wetu wa Jinja, waliovaa mashati meupe, ambayo kamati inataka yaonekane ya rangi ya damu ya mzee kwenye bango.

Nilichagua shati kwa Quick Selection, kisha, uchaguzi ukiwa bado hai, nikaongeza tabaka la Color Fill, nalo likajitengenezea kinyago chenye umbo la shati. Nilipoweka hali ya kuchanganya ya tabaka hilo kuwa Color, shati lilibaki karibu jeupe, kwa kuwa hali hiyo hubadili rangi lakini huacha mwangaza wa chini ulivyo. Multiply ndiyo iliyofaa: nyeupe ikageuka rangi kamili, na mikunjo ikabaki na vivuli vyake. (Shati jeusi lisingekubali njia hii, maana Multiply haiwezi kung'arisha kitu.)

Tatizo ni kwamba ukosini na mabegani umebaki mstari mwembamba mweupe, kwa sababu kinyago hakifiki mwisho wa kitambaa. Nikipanua kinyago chote kwa Filter > Other > Maximum ya pikseli 1, mabega yanatengemaa, lakini rangi inamwagikia shingoni, na kwenye ngozi inaonekana kama jeraha.

Je, nipanue kinyago chote kisha nifute shingoni kwa brashi nyeusi laini, au nikiache kilivyo na kupaka nyeupe penye mstari tu?