Naomba ushauri: niongeze gharama ya kumpata mteja wa intaneti?

Wakuu, nauza intaneti ya nyumbani mtaani, shilingi 45,000 kwa mwezi. Nikitoa malipo ya mtandao, fundi na makato ya simu, kila mteja ananiachia 18,000. Kila mwezi wanakatisha 5 katika 100, kwa hiyo kwa wastani mteja anakaa miezi 20 na kuniachia 360,000.

Kumpata mmoja sasa kunanigharimu 60,000, kamisheni pamoja na kumfungia. Nataka nimpe na ruta bure, gharama ifike 120,000. Kwa hesabu bado inalipa mara tatu, ila hela inarudi baada ya karibu miezi 7, na mtaji wa kununulia ruta nyingine ni huohuo.

Hofu yangu ni wapenda vya bure. Wakikatisha 10 katika 100 kwa mwezi, watakaa miezi 10 tu, yaani 180,000. Nimewaza nianze na kundi dogo, niwahesabu peke yao bila kuwachanganya na wa zamani. Je, nisubiri miezi mingapi kabla ya kuziamini takwimu zao? Na ruta niidai mtu akihama, au amana kidogo inatosha kuwachuja?