Mrejesho: kukonvati video, klaudi au seva yako?

Niliuliza: "Nina saiti ndogo ya video za ufundi, nilipie klaudi inikonvatie au nikodi seva nifanye mwenyewe, ipi nafuu?"

Wakuu asanteni sana, nimepiga hesabu. Kinachoamua ni kwamba klaudi wanachaji dakika za kila kopi inayotoka, sio za video uliyopandisha. MediaConvert ya Amazon daraja la kawaida, H.264 mpaka fremu 30, rejeni ya Virginia, ni dola 0.0075 kwa dakika ya SD na 0.015 ya HD, sasa mi natoa 360p, 480p na 720p, jumla 0.03, yaani saa moja ya video inakula dola 1.80. Seva niliyoipata ni dola 40 kwa mwezi iwe inapiga kazi au imelala, kwa hiyo chini ya saa kama 22 kwa mwezi klaudi inashinda, na mi napandisha saa 10 hivi, dola 18, basi nimebaki klaudi.

Wenye mzigo mkubwa seva inalipa, ila kama saiti iko humohumo weka nice, bila hiyo ffmpeg inagombania CPU sawasawa na saiti na kurasa zinakuwa nzito hatari:

```
nice -n 19 ffmpeg -i a.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 24 -c:a aac b.mp4
```

Gharama ya watu kutazama sijaiweka, hiyo ni bili nyingine.